Damu ilitoka kidoleni au mkononi?

Mwaka huu nimekaa siku nne katika chumba cha nyuma cha kliniki moja binafsi hapa mjini Mbeya, nikikagua madai ya mwezi mmoja kwa niaba ya kampuni ya bima iliyokuwa tayari imeshalipa. Kliniki siitaji na kampuni siitaji. Tarakimu nimezigusa kidogo ili mtu asitambulike, lakini uwiano wake ni ule ule. Nimeamua kuandika kwa sababu kilichotokea pale kinaonesha jambo ambalo nimekuwa nikibishana na wakaguzi wenzangu kwa muda mrefu, kwamba tunakagua karatasi kwa kutumia karatasi nyingine iliyoandikwa na mkono ule ule, kisha tunashangaa kuwa zinakubaliana.

Madai yalikuwa 412, jumla yake shilingi 14,830,000. Wastani wa dai moja ni kama shilingi 36,000, kiasi ambacho hakishtui kwa kliniki yenye maabara ndogo na chumba cha kupumzishia wagonjwa. Fomu zilipangwa vizuri kwenye maboksi, kila moja na namba ya idhini iliyopatikana kadi ilipohakikiwa mapokezi. Karani wa madai, kijana mwenye heshima zake, alinipokea kwa chai ya rangi na kuniambia, "Mkaguzi, ukikuta lolote niite tu." Nilimwamini, na hadi sasa sidhani kwamba alikuwa akiigiza.

Nilianza na madai yaliyojirudia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi rahisi kuliko zote na kompyuta huimaliza kabla chai haijapoa. Unaweka madai yote kwenye jedwali la Excel: namba ya kadi safu ya B, tarehe ya huduma safu ya C, msimbo wa huduma safu ya E. Wakaguzi wengi hutafuta mistari inayofanana kila kitu, kadi ile ile, siku ile ile, huduma ile ile, na wakishaipata huridhika. Mimi nilipata jozi 9 za namna hiyo, zenye thamani ya shilingi 268,000. Zote tisa zilikuwa na asili moja. Dai lilirudishwa na kampuni kwa sababu ya kasoro, karani akalirekebisha na kulituma upya, lakini lile la kwanza halikufutwa kwenye orodha. Hayo ni makosa ya ofisini, na karani aliyakubali bila ubishi. Mwizi mwenye akili hawezi kutuma dai lile lile mara mbili kwa namba ile ile na tarehe ile ile, maana anajua mashine ya upande wa pili italitema.

Kwa hiyo unalegeza masharti. Unatafuta kadi ile ile na huduma ile ile, ila ndani ya siku tatu kabla au baada:

```
=COUNTIFS(B:B,B2,E:E,E2,C:C,">="&C2-3,C:C,"<="&C2+3)
```

Mstari wowote unaotoa jibu kubwa kuliko 1 ni wa kutazamwa, wala si wa kukatwa. Mgonjwa anayechomwa sindano ya seftriaksoni kwa siku tano ataonekana mara tano, na ni haki yake aonekane. Mwenye kidonda anayesafishwa kila baada ya siku moja ataonekana vilevile. Na kabla hujaiamini fomula hiyo, hakiki tarehe zako. Kompyuta moja ikiandika mwezi kwanza na nyingine siku kwanza, tarehe 3 Mei inageuka kuwa 5 Machi na jozi uliyokuwa unaitafuta inakimbilia mwezi mwingine. Namba za kadi nazo zina mtego wake. Namba ndefu kupita tarakimu 15 Excel huzilinganisha kwa tarakimu 15 za mwanzo tu, na unaweza kumtuhumu mtu kwa kadi ya jirani yake.

Kosa kubwa zaidi katika kutafuta madai yaliyojirudia, kwa maoni yangu, ni kukagua mwezi mmoja peke yake. Niliomba siku tano za mwisho za mwezi uliotangulia na siku tano za mwanzo za mwezi uliofuata. Mtu wa kampuni alisita kidogo, akasema mkataba wangu ni wa mwezi mmoja. Nilimwambia, "Dada, dai la tarehe 31 na dai la tarehe 2 ni ndugu, lakini wewe umewaweka kwenye maboksi mawili." Akaniletea. Humo ndimo nilimopata jozi 11 ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziona, kwa sababu kila nusu ya jozi ilikuwa imekaa peke yake kwenye mwezi wake, safi kabisa.

Sasa, mgonjwa aliyekuja tarehe 31 jioni akarudi tarehe 2 asubuhi anaweza kuwa amerudi kweli. Homa haijashuka, au amefuata majibu. Utajuaje? Saini haisemi kitu, wala ugonjwa ulioandikwa, maana wa kweli na wa uongo wote wataandikiwa ugonjwa ule ule. Mimi huangalia vipimo vya mapokezi, yaani uzito, joto la mwili na shinikizo la damu. Binadamu hai habaki na shinikizo la damu lile lile. Pima leo 128 kwa 76, pima baada ya dakika kumi utapata 122 kwa 79. Katika jozi 4, tarakimu za siku ya pili zilikuwa tofauti, joto lilikuwa limeshuka na dawa ilikuwa imebadilishwa. Hao walirudi. Kilichokosewa hapo ni kutoza tena ada ya kumuona daktari, wakati mkataba wa kliniki hii ulisema marudio ya ugonjwa ule ule ndani ya siku saba hayana ada mpya. Ada ni shilingi 8,000, mara nne ni 32,000. Katika jozi 7 zilizobaki, mgonjwa alikuwa, kwa mfano, na joto la 38.4, uzito wa kilo 63.5 na shinikizo la 128 kwa 76 siku ya kwanza, na siku ya pili akawa na tarakimu hizo hizo hadi nukta ya mwisho. Kila jozi na tarakimu zake, na zote saba zilinakiliwa hivyo hivyo. Na huyo wa kilo 63.5 alikuwa mtoto wa miaka sita. Karani alipoiona hiyo, alikaa chini.

Upande wa bei ulikuwa mwepesi zaidi kuliko kelele zinazopigwa kuuhusu. Wengi wanakumbuka Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao na vituo binafsi vikagoma. Ugomvi ule sirudii. Ila uliwafundisha makarani somo moja ambalo bado wengine hawajalishika, kwamba bei inafuata siku mgonjwa alipotibiwa, wala si siku fomu ilipotumwa. Ukitibu mwishoni mwa Februari na kutuma mwezi wa tatu, unatoza bei ya Februari. Katika kliniki hii tarehe hazikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa kwenye kipimo cha bei, yaani dawa inahesabiwa kwa kidonge, kwa dozi au kwa chupa. Dawa mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge 24. Bei ya mkataba ilikuwa ya dozi nzima. Karani akiandika idadi 24 kwenye safu inayozidishwa na bei ya dozi, mgonjwa mmoja anageuka kuwa wagonjwa 24. Hilo ni kosa kubwa kiasi kwamba mfumo wenyewe huliona. Yanayopenya ni madogo, kama dawa ya maji ya watoto iliyotozwa chupa mbili mahali ambapo chupa moja ndiyo iliyotoka, au vidonge 18 vya parasetamo vilivyotozwa kama karatasi mbili kamili.

Jumla ya bei zilizozidi ilikuwa shilingi 143,000. Lakini nilikuta pia madai 14 ambayo kliniki ilijipunja, mengine kwa kusahau kabisa kuandika sindano iliyochomwa. Yalifika shilingi 96,000. Mkaguzi mwenzangu mmoja huniambia kwamba hayo si kazi yetu, aliyejipunja amejipunja. Mimi nakataa. Ukihesabu makosa ya upande mmoja tu, unayafanya makosa ya kawaida yaonekane kama wizi, kwa sababu kosa halisi la mkono huanguka pande zote mbili. Na kinyume chake, ukikuta makosa yote yameelemea upande mmoja, hapo una sababu ya kukaa macho. Hapa yalielemea kidogo tu. Nikatoa 96,000 kwenye 143,000, yakabaki 47,000, na nikaendelea.

Kilichonifanya nibaki siku nne badala ya mbili ni picha kamili ya damu.

Katika madai 412, kipimo hicho kilidaiwa mara 186. Karibu nusu ya wagonjwa wote. Peke yake hiyo si dhambi, daktari mwangalifu anaweza kuomba vipimo vingi, na mimi si daktari hata nimwambie nani alihitaji nini. Huwa nakataa kabisa kukata dai kwa hoja kwamba kipimo hakikuwa cha lazima, labda nikae na mganga aliyeteuliwa kwa kazi hiyo. Swali langu ni dogo kuliko hilo. Je, kipimo kilifanyika?

Njia iliyozoeleka ni kuchukua fomu ya madai, kwenda kwenye faili la mgonjwa uone daktari ameomba, kisha kwenda kwenye daftari la maabara uone jibu limeandikwa. Nilifanya hivyo. Daftari lilikuwa na majibu 207 ya picha kamili ya damu. Kati yake 186 ni ya wenye bima na 21 ni ya waliolipa taslimu, na stakabadhi 21 zilikuwepo. Hakuna lililozidi wala kupungua. Mkaguzi mwingine angeandika kwamba daftari limethibitisha madai na kuondoka. Mimi ulinganifu ule ndio ulionitia shaka. Sijawahi kuona daftari la maabara linalofanya kazi likakubaliana na madai moja kwa moja. Siku zote kuna kipimo kilichofanyika lakini karani hakukidai, kuna sampuli iliyoganda ikarudiwa, kuna mgonjwa aliyeondoka bila kusubiri. Daftari lisilo na vumbi la namna hiyo mara nyingi limeandikwa kutoka kwenye fomu, badala ya fomu kuandikwa kutoka kwenye daftari.

Hapo ndipo unapohitaji shahidi ambaye karani wa madai hamshiki mkono. Kwenye dawa, shahidi huyo ni leja ya stoo pamoja na ankara za manunuzi, maana ukidai dozi 200 wakati zilizokuwepo stoo pamoja na ulizonunua ni 120, hesabu imekwisha. Kwenye malaria ni maboksi ya vipimo vya haraka, ambavyo kwa kawaida huja 25 kwa boksi. Na kwenye picha kamili ya damu ni mashine yenyewe. Mashine za kuhesabu chembe za damu hutunza kumbukumbu ya kila sampuli iliyopita, na namba yake.

Nilimwomba mtaalamu wa maabara, mama mtu mzima aliyenizidi umri, anifungulie kumbukumbu. "Shikamoo mama, naomba tuione mashine pamoja." Hakuwa na wasiwasi wowote. Kumbukumbu ilionesha mizunguko 131 kwa mwezi ule. Kabla sijasema neno, yeye ndiye aliyeniwekea masharti, na alikuwa na haki. Kwanza, kila asubuhi hupitisha sampuli ya kuhakiki mashine, ambayo si ya mgonjwa. Pili, mashine ilikuwa mbovu siku 9 kati ya siku 27 za kazi. Tatu, umeme ukikatika saa ya mashine hurudi nyuma, kwa hiyo tarehe iliyo kwenye kioo si ya kutegemea, nifuate namba za sampuli. Hayo matatu singeyajua peke yangu, na mkaguzi anayeingia maabara bila kumsikiliza mwenye maabara atatoka na hesabu ya aibu.

Basi tukahesabu wote wawili. Mizunguko 131, toa 18 ya uhakiki wa asubuhi kwa siku ambazo mashine ilikuwa nzima, inabaki 113. Sampuli 5 zilipitishwa mara mbili, inabaki 108. Wagonjwa 21 walilipa taslimu na namba zao zote zilionekana kwenye mashine, kwa hiyo wenye bima ni 87. Dhidi ya madai 186, pengo ni 99.

Nilipomwonesha mwenye kliniki, daktari wa siku nyingi, alinikatiza. "Siku zile mashine ilipokufa tulipeleka sampuli maabara ya jirani. Unadhani tulikaa tu?" Nikamwomba ankara za jirani. Zikaja siku iliyofuata, vipimo 38, na maabara ile ilinithibitishia kwa simu. Pengo likashuka hadi 61. Nalieleza hili kwa makusudi. Kama ningeandika ripoti jioni ile ya siku ya pili, ningewatuhumu watu kwa vipimo 38 walivyovifanya na kuvilipia kwa fedha zao.

Vipimo 61 kwa bei ya mkataba ya shilingi 10,000 ni shilingi 610,000. Lakini pengo la hesabu bado halijawa tuhuma. Lazima ujue ni akina nani. Tukaoanisha namba za sampuli za mashine na ankara za jirani na daftari, jina kwa jina, na majina 61 yakabaki bila shahidi. Majibu yao daftarini yalikuwa na wingi wa damu na chembe nyeupe tu, wakati wengine wana mistari mingi iliyonakiliwa kutoka kwenye kikaratasi cha mashine. Vikaratasi vyenyewe sikuvitumia kama ushahidi. Vinachapwa kwa joto, na baada ya miezi michache vinafifia vyote, vya waliopimwa na vya wasiopimwa.

Kilichobaki ni wagonjwa wenyewe. Hapa wengi huharibu. Ukimpigia mtu simu ukamuuliza, "Je, ulipimwa picha kamili ya damu?" atajibu ndiyo, kwa sababu anajua alipimwa damu na hataki kukuudhi. Isitoshe taarifa za afya ni taarifa nyeti, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hatuna kisingizio cha kuropoka. Simu ya mke inaweza kupokelewa na mume. Mimi kwanza huhakikisha naongea na mwenyewe, sitaji ugonjwa, kisha namuuliza mambo ambayo mgonjwa yeyote anayakumbuka: "Siku ile walikutoa damu? Ilitoka kidoleni au mkononi?" Kipimo cha haraka cha malaria ni tone la kidoleni. Picha kamili ya damu kwa mtu mzima kwa kawaida ni sindano ya mkononi na kichupa chenye mfuniko wa zambarau. Mtu anaweza kusahau jina la kipimo, lakini hawezi kusahau sindano.

Nilipiga namba 40, nikapata watu wazima 26. Bibi mmoja wa upande wa Tukuyu alicheka sana, akasema, "Kidoleni mwanangu, tone moja tu, wala sikuumia. Ndaga kwa kuniulizia." Watu 19, yeye akiwemo, walijibu hivyo. Watatu hawakumbuki. Wanne walisema mkononi, na faili zao nilipozirudia zilionesha walipimwa pia homa ya matumbo, kipimo ambacho kwa kawaida hutaka damu ya mkononi. Majibu yao kwa hiyo hayasemi kitu, si kwa wala dhidi, na kwenye ripoti nimeyaandika hivyo hivyo.

Niseme kidogo kuhusu malaria, maana watu wa kampuni za bima kutoka Dar es Salaam huipenda sana hoja hii. Mbeya mjini ni mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, baridi ya Julai inaijua kila mtu, na malaria huku si kama ya Kyela kando ya Ziwa Nyasa. Kwa hiyo kliniki ya mjini inayodai malaria nyingi katika miezi ya baridi ni ya kutazamwa. Lakini watu wa Mbeya wanashuka Kyela kufuata mchele na kokoa, wanakwenda mashamba ya mpunga ya Usangu, wanasafiri na mabasi ya usiku. Hali ya hewa inakuelekeza boksi lipi ufungue kwanza. Haikupi ruhusa ya kukata dai. Katika kliniki hii maboksi ya vipimo vya haraka yaliendana na madai, na suala likaishia hapo.

Kabla ya kujumlisha nilikumbana na kosa langu mwenyewe. Zile jozi 7 za tarakimu zilizonakiliwa, madai yake ya pili yalikuwa na thamani ya shilingi 231,000. Lakini matano kati yake yalikuwa na picha kamili ya damu ambayo tayari nilikuwa nimeihesabu ndani ya zile 61. Ningeyakata yote, ningekata shilingi 50,000 mara mbili, tena katika ripoti inayolaumu watu kwa kudai mara mbili. Nikabakiza 181,000.

Kwa hiyo ripoti ilikuwa na mafungu matatu, na nilikataa kuyachanganya. Makosa ya ofisini ni 268,000 ya madai yaliyotumwa tena na 47,000 ya bei, jumla 315,000. Kukiuka mkataba ni zile ada za marudio, 32,000. Huduma ambayo haikuonekana kufanyika ni 610,000 na 181,000, jumla 791,000. Yote kwa pamoja ni shilingi 1,138,000, kama asilimia 7.7 ya kilicholipwa. Kampuni ilitaka nichukue asilimia hiyo niizidishe kwa miezi kumi na miwili na kudai fedha za mwaka mzima. Nilikataa. Mwezi ule ulichaguliwa kwa sababu ulitia shaka. Kuzidisha hivyo kunahitaji miezi au madai yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ambamo kila dai lilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Ukichota kwenye kona yenye matope huwezi kudai kwamba mto wote ni matope. Kama wanataka hesabu ya mwaka, tukachote upya.

Na hapa nirudi kwa wakaguzi wenzangu. Kati ya fomu 412, fomu 37 zilikosa saini ya mgonjwa au ya mganga. Thamani yake ni shilingi 1,290,000. Kwa utaratibu ambao wengi wetu tumelelewa nao, fomu isiyo na saini inakatwa yote. Mkaguzi wa saini angemaliza kazi siku moja, angekata fedha nyingi kuliko mimi, na angesifiwa. Lakini nilizipitia zote 37 na nikakuta kipimo hewa katika fomu moja tu. Zilizobaki ni wagonjwa halisi, wengine walioletwa wakiwa hoi usiku, muuguzi akawa anahangaika na dripu wakati fomu imebaki mezani. Yale madai 7 yaliyonakiliwa yalikuwa na saini zote, wino mmoja, mwandiko mzuri. Anayetengeneza dai hewa ana muda wa kutosha kusaini. Kukata kwa saini kunamwadhibu anayetibu kwa haraka, na kunamlipa anayeandika kwa utulivu.

Watu watasema mifumo ya kompyuta na uhakiki wa alama za vidole vitamaliza haya. Uhakiki wa mtu unathibitisha kwamba mgonjwa alifika mapokezi, na katika kisa hiki, ukiacha yale matano ya madai yaliyonakiliwa, wote 56 waliobaki walifika kweli. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa hewa. Kilichokuwa hewa ni mstari mmoja katikati ya fomu yenye mistari minne ya kweli, na alama ya kidole haiwezi kusema lolote kuhusu mstari huo. Kompyuta inasaidia mahali pengine, kwa kuwa inatunza saa ambayo kila kumbukumbu iliingizwa. Faili 40 zilizoingizwa ndani ya dakika 35 saa nne usiku zinahitaji maelezo. Maelezo yanaweza kuwa mazuri tu, mtandao ulikatika mchana kutwa na watu wakaingiza kutoka kwenye karatasi. Uliza kwanza siku ile umeme ulikuwaje.

Mkutano wa mwisho ulikuwa mfupi. Daktari alisoma ripoti kimya, akarudi kwenye ukurasa wa vipimo 61, akamwita karani. Hakumgombeza. Alimuuliza tu malipo yake yanakokotolewaje, na mimi ndipo nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba kijana yule hakuwa na mshahara. Alikuwa analipwa asilimia 3 ya madai yaliyolipwa, makubaliano aliyowekewa na daktari mwenyewe mwaka kliniki ilipokuwa haina fedha. Vipimo 61 vilimpa kijana shilingi 18,300. Fedha iliyobaki, 591,700, iliingia kwenye akaunti ya kliniki, na daktari alibaki akiitazama tarakimu hiyo kwa muda.

Walirudisha fedha kwa awamu mbili. Karani alibaki kazini, kwa mshahara. Miezi miwili baadaye kampuni ilinitumia muhtasari bila maelezo yoyote. Picha kamili ya damu zilizodaiwa zilikuwa 124. Nikampigia simu yule mama wa maabara kumuuliza kama ameagiza vitendanishi vya mashine pungufu. Akasema hapana, anaagiza kiasi kile kile anachoagiza siku zote.